Maboksi ya Juu

"Kaa, kijana," alisema Mzee Mustapha.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba nisimame. Nikikaa, na maneno yanakaa."

"Marahaba. Simama basi, ila usituhubirie. Nje kuna waombaji wengine."

Hiza Semboja alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kamati ya mikopo ya SACCOS yao ilikuwa na watu watatu waliochaguliwa na wanachama wenzao. Mzee Mustapha, mwenyekiti, alikuwa muuza mbao. Kulia kwake alikaa Mama Josefina, mwenye mgahawa karibu na stendi, na kushoto Azim, mwenye duka la vipuri lililoanzishwa na babu yake hapo hapo Korogwe. Pembeni, na faili mapajani, alikuwa Grace, afisa mikopo, ambaye si mjumbe bali mwajiriwa. Yeye ndiye anayekwenda kuzikagua biashara za waombaji kabla kamati haijakaa.

Ukutani, kwenye kiti cha plastiki, alikaa shangazi yake Hiza, Bi Chausiku, muuza vitenge. Alikuwa mdhamini. Mdhamini wa pili, fundi Salimu, alikuwa ameshasaini na kurudi kwenye pikipiki zake.

"Naomba milioni tano," alisema Hiza. "Akiba yangu hapa ni milioni moja na laki tisa. Kanuni inaruhusu mara tatu ya akiba, kwa hiyo sijavuka mstari. Naomba kwa miezi kumi na mbili, niongeze mzigo."

"Mzigo gani?" aliuliza Mama Josefina.

"Sabuni na mafuta ya kula, mama. Kwa katoni, siyo kwa kipande." Akavuta pumzi. Maneno haya alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima, akiyasema peke yake akifungua duka na akilifunga. "Duka langu liko Manundu, pale njia inapokata kwenda stendi. Wateja wangu wa siku zote ni majirani, mtu anayetaka robo ya sukari na mafuta ya kupima. Lakini tangu mwaka jana wananijia watu wengine. Ni wenye viduka wa Kwashemshi, na wale wa kwetu Handeni, wa Sindeni na Misima. Wakishuka garini, duka la kwanza kuliona ni langu. Wanataka katoni nzima. Sina. Basi wanakwenda mjini kwa Bharat, yule wa jumla, na mimi nabaki kuwauzia maji ya kunywa njiani."

Azim alicheka kidogo. "Bharat anakushukuru kwa hayo maji."

"Hajawahi kunishukuru."

"Sasa nikuulize. Wewe mwenyewe unanunua kwa Bharat. Utamuuziaje mtu wa Kwashemshi, wakati naye anamjua Bharat?"

Swali hili Hiza alikuwa akilisubiri kama mtu anavyosubiri gari analojua saa zake. "Sitanunua kwa Bharat. Nitanunua kwa wakala Tanga. Nikichukua kuanzia katoni mia kwa mara moja, bei inashuka elfu mbili kila katoni. Kuna lori linapeleka mahindi Tanga na kurudi tupu, dereva nimeshaongea naye, anabeba kwa shilingi mia tano katoni. Inabaki elfu moja na mia tano. Nauza bei ile ile ya Bharat, sishindani naye. Ila mteja wangu halipi bodaboda ya kwenda mjini na kurudi. Kwake yeye hiyo ndiyo nafuu."

"Na ukiuza kwa mkopo vijijini huko?"

"Siuzi kwa mkopo. Hata shangazi yangu pale hakopi."

"Huyu!" Bi Chausiku aliruka kutoka ukutani. "Juzi kaninyima chumvi, wazee! Chumvi! Mtoto niliyembeba mgongoni!"

Hata Grace alicheka. Mzee Mustapha aligonga meza kwa kalamu, lakini taratibu.

"Kwa nini sasa hivi?" aliuliza.

"Kwa sababu mahindi ya Handeni yanaingia mwezi ujao, mwenyekiti. Mkulima akiuza gunia, siku hiyo hiyo nyumbani kwake panaingia sabuni na dumu la mafuta. Mwenye kiduka wa kijijini atafunga mzigo mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Msimu huo ni miezi mitatu, basi. Kamati inakaa mara moja kwa mwezi. Mkiniambia nirudi, nitarudi wakati mahindi yamekwisha kuuzwa na wale watu wameshazoea kwenda kwa mwingine. Mteja wa katoni akishazoea mlango, humtoi."

Azim alitikisa kichwa kukubali. Hiza aliujua uso ule. Ni uso wa mnunuzi ambaye ameshaingiza mkono mfukoni.

Kisha Mzee Mustapha alichukua faili kwa Grace, akalifungua.

"Umesema vizuri. Lakini hapa kuna kitu hakikai sawa. Dhamana zako ni tatu: akiba, wadhamini wawili, na mzigo uliopo dukani. Kwenye fomu umeandika mzigo wako una thamani ya milioni mbili na laki nne. Grace amekwenda kukagua, ameandika milioni sita."

"Rafu zimejaa mpaka darini," alisema Grace. "Katoni nimezihesabu mwenyewe, mwenyekiti. Za juu peke yake ni zaidi ya mia."

Hiza aliinyoosha kola ya shati.

"Sasa tofauti hiyo kubwa," aliendelea mzee, "inaelekea upande wa ajabu. Watu wanaokuja hapa huzidisha. Wewe umepunguza. Kwa nini mtu apunguze mali yake?"

"Labda alikosea kujaza," alisema Azim, akimtazama Hiza machoni kuliko ilivyohitajika. "Hutokea. Kama ulikosea, sema ulikosea, turekebishe iwe sita. Kwa mzigo wa milioni sita, milioni tano hazina ubishi."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na ulikuwa mpana. Neno moja tu: nilikosea. Hiza alifungua mdomo, na kabla hajasema lolote Mama Josefina aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Mimi nina la kwangu, na nimelikalia tangu aingie. Hiza, unamjua Shida? Mwenye duka Kwashemshi, mfupi, anavaa kofia ya mvua hata jua likiwaka?"

"Namjua, mama."

"Ni wifi yangu. Mwezi uliopita alikuja kwako, pesa mkononi, akakuonyesha kwa kidole katoni ya sabuni pale juu. Ukamwambiaje?"

Hiza aliitazama fomu yake pale mezani.

"Nitakusaidia. Ulimwambia imeshalipiwa na mtu. Wiki iliyofuata akaja tena. Katoni pale pale, haijasogea hata kidole. Ukamwambia imeshalipiwa. Mara ya tatu akaja kwangu mgahawani, akalia njaa na hasira pamoja. Akasema, 'Wifi, yule kijana anaficha mali. Anangoja bei ipande.'" Mama Josefina aliegemea mbele. "Sasa mimi nauliza. Mtu mwenye katoni mia juu, asiyetaka kuziuza, anatuomba hela za wanachama azidi kulundika. Ili iweje? Ili sabuni ipande mji mzima?"

"Mimi sifichi mali!" Sauti ilimtoka Hiza kubwa kuliko chumba.

"Basi ni za nani?"

"Ni zangu!"

"Za kwako, halafu huuzi?"

Bi Chausiku alikuwa amesimama. "Hiza," alisema, na safari hii hakuwa anachekesha. "Mimi nimeweka akiba yangu hapa kukudhamini. Wakisema mimi ni shangazi wa mlanguzi, kesho nitatandika vitenge vyangu wapi? Sema."

Kila mwenye duka Manundu anajua jambo hili na hakuna anayelitaja. Ukianza biashara na mtaji mdogo, rafu zinakuwa na mapengo, na mteja akiona mapengo anahisi duka linakufa, anakwenda la jirani. Basi hutupi boksi. Katoni ikiisha unaifunga upya kwa gundi, unaipandisha juu, uso wake mzuri ukiangalia mlango. Mwaka wa kwanza Hiza alikuwa na maboksi matano juu. Mwaka wa nne yalikuwa yamefika darini, na kila asubuhi aliyapangusa vumbi kama vile yana kitu. Mchana mwingine, duka likiwa limetulia, alikuwa akiyatazama na karibu kuyaamini.

Grace alipokuja kukagua, kaunta ilikuwa na wateja wawili, mmoja wao dereva wa bodaboda mwenye mdomo mkubwa kuliko wote wa kona ile. Grace akauliza kwa sauti, "Hizi zote ni zako?" Hiza akajibu kwa sauti, "Zote zangu." Angesema nini mbele ya yule? Siku nzima ile alitembea akijisifu moyoni kwamba fomu yake ilikuwa ya kweli. Hakufikiria kwamba fomu na rafu zitakutana meza moja.

Sasa zilikuwa zimekutana. Akisema alikosea, atapewa milioni tano na jina la mlanguzi, na shangazi yake atalibeba naye. Akisema ukweli, kesho stendi nzima itajua kwamba duka la Hiza Semboja limejaa hewa.

"Hazina kitu," alisema.

"Nini?" aliuliza mzee.

"Maboksi. Ya juu yote. Hayana kitu ndani, mwenyekiti. Ni maboksi matupu. Mzigo wangu ni milioni mbili na laki nne, kama nilivyoandika, na wote uko rafu za chini. Shida sikumuuzia kwa sababu sikuwa na cha kumuuzia. Nilimwambia imeshalipiwa kwa sababu..." Alimgeukia Mama Josefina. "Kwa sababu ningesemaje?"

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Nilikuuliza," alisema Grace, uso umemwiva. "Nilikuuliza ni zako zote, ukasema zote zako."

"Maboksi ni yangu, dada."

"Umenitia aibu mbele ya kamati."

"Na wewe hukunyanyua hata moja," alisema Azim bila kumtazama.

Mzee Mustapha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Maneno tumesikia ya aina mbili tangu asubuhi. Mimi ni muuza mbao, ubao naugeuza. Duka lako liko mbali?"

"Dakika chache kwa mguu."

"Waambieni waliopo nje wasubiri. Twende."

Walikwenda kwa miguu, kamati nzima kwenye njia ya vumbi, mzee mbele na Bi Chausiku nyuma akijitupia mtandio. Msafara wa namna hiyo haupiti Manundu bila kuonekana. Kwenye kona, madereva wa bodaboda waligeuza shingo. Yule mwenye mdomo, Adamu, alipaza sauti, "Oya Hiza! Umefilisiwa au unaoa?"

"Naoa dada yako!" Hiza alijibu bila kusimama, akaenda moja kwa moja kufungua kufuli.

Ndani, alileta ngazi. Mzee Mustapha aliikataa, akamwashiria Azim, ambaye alikuwa mrefu. Azim alisimama juu ya kreti ya soda, akashika katoni ya sabuni kwa mikono miwili, akajikaza kama mtu anayejua katoni ya sabuni ina uzito gani, akavuta. Katoni ilikuja yote kwa mara moja. Azim alirudi nyuma, akakanyaga hewa, akaishia mikononi mwa Mama Josefina, boksi likiwa limemfunika kichwa.

"Yesu wangu!" alipiga kelele Mama Josefina. "Mume wa watu huyu!"

Hapo ndipo walipocheka. Azim alicheka zaidi ya wote, amekaa chini sakafuni, boksi mapajani. Mlangoni, Adamu na wenzake watatu walikuwa wameshafika, wanachungulia.

"Tupu?" aliuliza Adamu, kama aliyeibiwa. "Na lile la mafuta?"

Hiza alipanda ngazi mwenyewe. Hakuangalia mlangoni. Aliyashusha moja moja, akiyatupa sakafuni, na karibu kila moja lilitoa sauti ile ile nyepesi. Mengine yalikuwa na jiwe ndani ili upepo wa feni usiyaangushe. Yalipofika kiunoni mwa Mzee Mustapha, mzee alisema, "Basi. Yanatosha. Sasa nionyeshe ya chini."

Wakahesabu ya chini, Grace akiandika, na safari hii alinyanyua kila kitu, hata pakiti za viberiti. Ilipatikana milioni mbili na laki tatu na kitu, maana tangu ajaze fomu Hiza alikuwa ameuza.

Kamati ilikaa pale pale dukani, mzee juu ya kreti, wengine wamesimama. Hiza aliambiwa atoke nje. Alisimama kwenye jua kati ya madereva wa bodaboda, na hakuna mahali duniani alipochukia kusimama kama pale.

"Bosi Maboksi," alisema Adamu.

"Cheka. Ila kumbuka plagi uliyonunua kwa Azim jana nayo ilitoka kwenye boksi. Uliliangalia ndani?"

Wenzake walimzomea Adamu, naye Adamu akakwaruza kichwa.

Alipoitwa ndani, Mzee Mustapha hakumwambia akae wala asimame.

"Milioni tano hupati," alisema. "Sikiliza kwa nini. Unauza wastani wa laki na themanini kwa siku, faida yako ni kama elfu kumi na nane. Kwa mwezi laki tano na elfu arobaini, hapo hujalipa pango wala hujala. Rejesho la milioni tano, na riba yetu ya moja na nusu kwa mwezi, mwezi wa kwanza ni karibu laki nne na elfu tisini na mbili. Utakula nini? Maboksi?"

"Faida ya katoni, mwenyekiti..."

"Hiyo haijaja. Hatukopeshi juu ya faida ambayo haijaja. Tunakupa milioni tatu. Rejesho la mwezi wa kwanza laki mbili na elfu tisini na tano, halafu linashuka, kwa sababu riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Hizo unaziweza hata msimu ukiwa mbaya. Na hela haipiti mkononi mwako. Chama kinamlipa wakala wa Tanga moja kwa moja, wewe unaleta stakabadhi ya mzigo. Ukirejesha vizuri miezi mitatu, omba nyongeza."

Milioni tatu. Kichwani mwake Hiza alikuwa ameshapiga hesabu: hazizidi katoni mia moja, lakini mia zinafika. Bei ya wakala ilianzia mia.

"Na sharti la mwisho ni la Mama Josefina," alisema mzee.

"Hayo yasirudi juu," alisema Mama Josefina, akiyaonyesha yale maboksi kwa kidevu. "Grace atakuja baada ya mwezi. Kitakachokuwa rafuni kiwe kimejaa, au rafu iwe tupu."

Hapo damu ya Hiza ilipanda. "Mama, rafu tupu inafukuza mteja! Wewe ukifungua mgahawa asubuhi, unaacha sufuria wazi watu waone kwamba wali haujaiva? Mimi nimejenga duka hili kwa macho ya watu. Mnanitaka nikae uchi mbele ya barabara?"

"Ndiyo," alisema Mama Josefina. "Wiki moja. Mpaka lori lije."

"Hata mimi dukani ninayo matupu," alisema Azim ghafla. "Ya beringi. Baba yangu alikuwa anaweka matofali ndani." Alijifuta vumbi suruali. "Lakini mimi sijawahi kuyatumia kuombea mkopo."

"Na mimi sikuyatumia," alisema Hiza. "Fomu yangu ilisema kweli."

"Ndiyo maana umepata tatu," alisema Mzee Mustapha, akasimama. "Saini."

Hiza alisaini. Bi Chausiku alisaini baada yake, polepole, akimtazama mpwa wake juu ya kalamu. "Mtoto wa kaka yangu," alisema, "ukishindwa kulipa, nitakuja kulala kwenye hii kaunta."

"Shangazi, utalala njaa. Sikopeshi chumvi."

Maboksi aliyauza siku ile ile kwa mama muuza nyanya, aliyeyataka ya kupakia. Wiki nzima rafu za juu zilikaa wazi, mbao zake zikionyesha alama za mraba pale vumbi lilipokuwa halifiki. Wateja watano au sita walichungulia na kupita. Adamu alimwita Bosi Maboksi kila asubuhi, na kila asubuhi alirudishiwa lake. Hiza alisimama kaunta, shati limepigwa pasi.

Lori lilifika Jumanne jioni. Jumatano, Shida wa Kwashemshi aliteremka garini na kofia yake ya mvua, akaingia bila kusalimia, akanyoosha kidole juu.

"Ile."

"Karibu, dada Shida. Za Kwashemshi?"

"Nzuri. Ile pale. Imeshalipiwa?"

"Bado. Inakungoja wewe."

Hiza aliishusha kwa mikono miwili, ikamvuta mabega, akaiweka kaunta kwa kishindo. Shida hakutoa pesa. Aliikumbatia katoni, akainyanyua kidogo, akaitikisa, akaishusha. Kisha akaomba kisu, akakata gundi, akafunua na kuhesabu miche ya sabuni mmoja mmoja kwa kidole, mpaka wa mwisho. Hiza alingoja, mikono nyuma.

Shida alifunga boksi, akafungua pochi.

"Na ile ya pili," alisema. "Niteremshie nayo niipime."